Slaidi Kumi na Nne, Sekunde Sitini

Mwaka 2008, Brian Chesky, Joe Gebbia na Nathan Blecharczyk walikuwa San Francisco na tovuti changa iliyoitwa AirBed & Breakfast. Leo tunaijua kwa jina la Airbnb, na ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hukosi nyumba inayopata wageni kupitia kwake. Wakati ule wenye fedha hawakuitaka. Mwaka 2015 Chesky alichapisha majibu aliyopata alipotambulishwa kwa wawekezaji saba. Alikuwa anatafuta dola 150,000, kampuni nzima ikikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.5. Watano walikataa kwa barua pepe fupi, wawili hawakujibu kabisa.

Slaidi walizotumia enzi zile kuwaeleza wawekezaji bado zinazunguka mtandaoni, na vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoanzisha kampuni wameziiga. Ni 14 tu, maandishi ni machache, na kila slaidi ina jambo moja. Kwa kulinganisha na slaidi 30 au 40 zinazobebwa siku hizi, hizi ni fupi. Hata hivyo, mtu akisimama kuzieleza kwa utulivu, dakika kumi na tano zinakwisha kabla hajamaliza. Ndiyo maana zinafaa kwa zoezi la leo: kuzichemsha mpaka zibaki maneno ya kusema mdomoni kwa dakika moja, bila skrini wala karatasi. Wenyewe huita pichi ya lifti, kwa maana ya kwamba umekutana na mwenye fedha ndani ya lifti, na mlango ukifunguka ghorofani anashuka.

Tuanze na ukubwa wa chombo. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa sababu kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Ukizungumza kwa mwendo wa kawaida, unavuta pumzi na kumtazama mtu usoni, dakika moja inachukua maneno 100 hadi 120. Usinisadiki. Chukua aya moja ya gazeti yenye maneno 110, isome kwa sauti huku simu ikikuhesabia muda. Wengi wanaoandika pichi yao kwanza hujikuta na maneno 200, kisha huitibu kwa kuongeza kasi ya mdomo. Msikilizaji huona mtu mwenye wasiwasi, na wala hashiki alichoambiwa.

Jambo la pili ni sikio. Anayesoma slaidi anaweza kurudi nyuma, anayesikiliza hawezi. Kwa hiyo dakika moja haitoshi kuwa muhtasari wa slaidi zote. Anayejaribu kutaja kila slaidi kwa sentensi moja moja anapata sentensi 14 zisizoshikana, na aliyemsikiliza atakumbuka mbili, tena zile zisizo na maana. Kazi ya dakika hiyo ni kumfanya mtu atake kuziona slaidi. Hakuna anayetoa fedha akiwa ndani ya lifti; anachotoa ni muda wake wa wiki ijayo.

Sasa tuzitandaze slaidi zenyewe mezani. Ya kwanza ina jina na sentensi inayosema unaweza kupanga chumba kwa mwenyeji badala ya hoteli. Ya pili ni tatizo: bei inawasumbua wasafiri, hoteli inakutenga na mji na utamaduni wake, na hakuna njia rahisi ya kupata chumba kwa mwenyeji. Ya tatu ni suluhisho, yaani tovuti ya kupangisha nafasi iliyo nyumbani kwako. Zinafuata ushahidi kwamba soko lipo, ukubwa wa soko, picha za bidhaa, namna ya kupata fedha, namna ya kuwafikia watu, washindani, sifa za kuwashinda, waanzilishi, magazeti yaliyowataja, maneno ya wateja, na mwisho fedha zinazoombwa.

Wengi wangeanza kukata kutoka mwisho. Mimi naona heri kuanza na swali jingine kabisa: huyu anayenisikiliza, nikishasema sentensi ya kwanza, atakuwa anawaza nini kimoyomoyo? Kwa Airbnb ya 2008 jibu halina mjadala. Atawaza: nani mwenye akili timamu atamlaza mgeni asiyemjua nyumbani kwake, na nani atakubali kulala kwa mtu aliyemwona mtandaoni? Hata Paul Graham wa Y Combinator, shule ya kampuni changa iliyowapokea mapema 2009, hakulipenda wazo lenyewe. Pingamizi hilo likiachwa bila jibu, hakuna tarakimu itakayosikika. Kila sekunde ya pichi inabaki ikipigana nalo.

Ukizipitia slaidi kwa jicho hilo, umuhimu wake unapangika upya. Slaidi ya ukubwa wa soko, ambayo waanzilishi huipenda kuliko zote, inaanguka. Inasema watu duniani hupanga safari karibu bilioni mbili. Sawa, lakini safari bilioni mbili hazijibu swali la nani atamlaza mgeni. Tena tarakimu za namna hiyo zikisemwa kwa mdomo ni nzito mno. Sikiliza: bilioni moja nukta tisa, kati ya hizo milioni mia tano thelathini na mbili, kati ya hizo sisi tutapata milioni kumi nukta sita. Sekunde kumi zimekwenda, na aliyesikia amebaki na neno bilioni peke yake. Kuna ushahidi mzuri kwamba tarakimu hizo hazikumshawishi mtu: mmoja wa wale waliokataa mwaka 2008 alitoa sababu kwamba soko halionekani kuwa kubwa vya kutosha.

Slaidi inayookoka ni ile ya ushahidi, ambayo kwa macho haina mvuto. Ina mambo mawili. Tovuti ya Couchsurfing, ambako watu hulazana bure, ilikuwa na wanachama zaidi ya 600,000. Na kwenye Craigslist, tovuti ya matangazo madogo madogo, maelfu ya watu walikuwa wakitangaza makazi ya muda mfupi. Maana yake ni kwamba watu wasiojuana tayari wanalazana, tena kwa malaki. Kilichokosekana ni mahali salama pa kulipana. Hilo ndilo jibu la pingamizi, nalo linasemeka kwa pumzi moja.

Slaidi ya fedha nayo inabaki, ila inakondeshwa. Waliomba dola 500,000 za kuwatosha miezi kumi na miwili mpaka wafikishe safari 80,000 zilizopangwa kupitia kwao, ambazo zingeleta mapato ya dola milioni mbili. Kwa mdomo unachukua vitu viwili tu, kiasi unachotaka na mahali kitakapokufikisha. Yale mapato yaache. Mwekezaji akiyataka atayauliza, na kuulizwa ni ushindi kwako.

Slaidi ya kipato ni rahisi kwa sababu walikuwa na kanuni moja ya asilimia kumi ya kila malipo. Kampuni yenye njia nne za kupata fedha ina kazi ngumu hapa. Ichague ile inayoingiza fedha leo, au itakayoanza kuingiza, na nyingine tatu zikae kimya. Mtu akisikia njia nne ndani ya dakika moja huhisi kwamba hakuna hata moja inayofanya kazi.

Washindani, sifa za kuwashinda, magazeti na maneno ya wateja: zote nje. Siyo kwamba hazina kazi. Zitarudi kama majibu, na kila moja iandaliwe kwa sentensi mbili za kusema bila kukwama. Picha za bidhaa hazisemeki. Mahali pake panachukuliwa na vitenzi vitatu vinavyoonyesha mgeni anafanya nini kwenye tovuti.

Lililo gumu kuacha ni kisa cha nafaka. Mwaka 2008, wakati wa uchaguzi wa Marekani, vijana hawa waliishiwa fedha. Wakatengeneza maboksi ya nafaka za asubuhi yenye majina ya mzaha ya Obama na McCain, wakayauza dola 40 moja na kupata karibu dola 30,000 za kuendeshea kampuni. Ni kisa kitamu, na inajulikana kwamba ndicho kilichomvutia Graham, kwa kuwa kilionyesha watu wasiokubali kufa. Lakini kukieleza kunahitaji uchaguzi, majina mawili ya mzaha, bei, na sababu ya kampuni ya vyumba kuuza chakula. Nusu dakika imekwisha, na msikilizaji sasa anadhani unauza nafaka. Kisa hicho ni cha kikao cha pili. Kipo kingine kifupi kinachofanya kazi mbili kwa mara moja: Oktoba 2007, mkutano wa wabunifu ulipojaza hoteli za San Francisco, Chesky na Gebbia walitandika magodoro matatu ya upepo nyumbani kwao, wakapata wageni watatu waliolipa dola 80 kila mmoja kwa usiku. Kinaonyesha walikoanzia, na kinathibitisha kwamba mtu mzima mwenye kazi yake alilala kwa asiyemjua na akalipa.

Sasa tuandike. Kosa la kwanza la anayeandika ni kuhamisha lugha ya slaidi mdomoni. Slaidi imejaa nomino: uwezeshaji wa upatikanaji wa malazi nafuu, uunganishaji wa wasafiri na wenyeji. Jaribu kumwambia mtu hayo kwenye foleni ya benki uone atakavyokutazama. Kinywani maneno yanataka mtu na kitendo: mgeni anachagua, analipa, anakuja kulala. Punguza pia vile virejeshi vya "ambayo" na "ambacho" vinavyofanya sentensi ivute mkia. Ukikuta viwili katika sentensi moja, ikate mahali pa cha kwanza.

Jaribio la mwanzo, kwa kufuata mpangilio wa slaidi, lingeanza hivi: "Bei ni suala muhimu kwa wateja wanaopanga safari mtandaoni, na hoteli zinamtenga msafiri na utamaduni wa mji." Sentensi haina kosa la sarufi, ila ingeweza kusemwa na kampuni yoyote ya utalii ulimwenguni, hata ya kuuza tiketi za basi. Haina mahali, haina siku, haina mtu. Ukitaka kujua kama sentensi yako ya kwanza imekufa, mpe mtu asiyejua kampuni yako, kisha umuulize ni biashara ya nini. Akikisia tatu tofauti, ifute.

Toleo ninaloliona linasimama ni hili. Nimelitunga mwenyewe kutokana na slaidi na historia yao, wao hawakulisema:

"Kukiwa na mkutano mkubwa mjini, hoteli hujaa na vyumba vichache vilivyobaki hupanda bei. Wakati huohuo, mitaa ya jirani ina maelfu ya vyumba visivyolalwa na mtu. Sisi tuna tovuti inayomkutanisha mgeni na mwenye chumba: mgeni anachagua, analipa kwa kadi, anakuja kulala. Tulianza na magodoro matatu ya upepo nyumbani kwetu San Francisco, wakati wa mkutano wa wabunifu. Wageni watatu wakalipa dola themanini kila mmoja kwa usiku. Na si wao tu: zaidi ya watu laki sita wamejiandikisha kwenye tovuti ya kulala bure kwa wenyeji, ila pale hakuna malipo. Kwetu yapo, na asilimia kumi inabaki kwetu. Tunatafuta dola laki tano zitufikishe safari elfu themanini ndani ya mwaka mmoja. Nikutumie slaidi zetu kesho asubuhi?"

Ni maneno mia na kidogo. Tazama lilipokaa pingamizi. Mara tu msikilizaji anapojua biashara ni nini, swali la nani atalala kwa nani linamjia, na sentensi inayofuata ndiyo magodoro matatu. Ushahidi mdogo wa kwao unatangulia, mkubwa wa watu wengine unafuata. Ukiugeuza mpangilio huo, ukaanza na watu laki sita, anayesikiliza atajiuliza wewe unahusikaje. Tazama pia kwamba tarakimu ni chache na zote zinasemeka. "Laki sita" inasikika haraka kuliko mia sita na sitini elfu na kitu, na hakuna anayedanganywa, maana neno "zaidi" lipo. Katika slaidi andika tarakimu kamili. Mdomoni iviringishe kwa kuipunguza, kamwe usiiongeze. Mwekezaji akikuta baadaye kwamba uliiongeza, hata kidogo, atatilia shaka na nyingine zote.

Sentensi ya mwisho ni swali, tena la kujibika kwa ndiyo au hapana. Wengi humaliza kwa "ahsante kwa muda wako", wakamwachia mwenzao kazi ya kubuni nini kifuate. Wengine huomba fedha palepale. Kuomba ruhusa ya kutuma slaidi ni ombi dogo ambalo mtu mwenye adabu halikatai, na linakupa anwani yake.

Ukishaandika, karatasi haitakuambia kama imefaulu. Kipimo ninachokiamini ni cha kurudiwa. Mwambie mtu pichi yako mara moja, mle, mzungumze mengine, halafu umwombe aieleze kwa mtu wa tatu wewe ukiwa kimya. Msikilize anachodondosha na anachobadilisha. Akisema "wana tovuti ya kukodisha vyumba vya watu, walianza na magodoro sebuleni, wanataka laki tano", pichi iko hai, maana mwekezaji naye hana budi kuirudia kwa wenzake kabla hajafanya uamuzi wowote. Akisema "ni kampuni ya utalii, wana teknolojia", rudi mezani. Kile anachokosea kila anayesikia ndicho kilichoandikwa vibaya, hata kama kwako ni wazi kama jua la mchana. Na usimjaribie mke, mume au mshirika wako. Wanaijua biashara mno, wataziba mapengo wenyewe bila kujua.

Zipo kampuni ambazo dakika moja inazionea. Mwenye dawa mpya au mashine ya kiwandani akiacha maelezo ya kitaalamu, mtaalamu anayemsikiliza atamwona mlaghai; akiyaweka, mtu mwingine hatoki na kitu. Huyo aandae pichi mbili, na kabla hajafungua mdomo ajue anaongea na nani. Airbnb yenyewe ingebadilisha sentensi moja kwa kila msikilizaji. Kwa mtu aliyetajirika kwa hoteli, ile inayosema hoteli hupanda bei ingemchokoza bure. Mahali pake iwekwe ya mji uliolemewa na wageni kwa siku nne, wakiwamo wasiopata kitanda popote, kama ilivyokuwa Denver Agosti 2008 wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic, ambapo tovuti hiyo ilipata nafasi ya kujaribiwa. Kwa mwekezaji wa teknolojia, magodoro yabaki ila asilimia kumi isogee mbele, kwa sababu anachotafuta ni kuona fedha inapita wapi.

Ukimaliza kusema, nyamaza. Swali la kwanza litakalokuja linakuambia slaidi ipi kati ya zile ulizoziacha ndiyo itakayofungua kikao cha pili. Wakiuliza "wengine wanaofanya hivi ni akina nani?", anza na ya washindani. Wakiuliza "nyinyi ni akina nani hasa?", hapo sasa watolee yale maboksi ya nafaka. Waanzilishi hawa walipata takriban dola 600,000 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Sequoia mwaka 2009, wazo likiwa lilelile walilokataliwa nalo mwaka mmoja kabla.  Kilichoongezeka ni idadi ya wageni waliokwisha kulala.